Jicho jekundu husahihishwa, paji jeupe hutiwa kiraka

Picha ya kipaimara iliyopigwa usiku ukumbini Dodoma huwa na kasoro mbili zinazoletwa na flashi: mboni nyekundu na mapaji ya uso yaliyopigwa weupe. Watu huzitibu kwa dawa moja, na hapo ndipo picha inapoharibika. Gizani mboni hupanuka, na flashi iliyo karibu na lenzi hupenya hadi nyuma ya jicho, ikarudi na wekundu wa damu iliyoko huko. Wekundu huo huharibu kipimo kimoja tu kati ya vitatu vinavyounda rangi ya kila nukta. Tuseme nukta ya mboni inasoma nyekundu 120, kijani 38, bluu 34. Kijani na bluu bado vinasema kweli, kwa hiyo nyekundu hushushwa hadi wastani wao, yaani 36, na mboni inarudi nyeusi. Kuipaka wino mweusi ni kosa, maana unafuta pia kile kinukta cha mwanga kinacholipa jicho uhai.

Utaambiwa simu hufanya kazi hiyo yenyewe. Hufanya, ila macho yetu yana rangi nyingi ya asili huko nyuma, na wekundu wake mara nyingi ni hafifu. Programu inaweza kuuruka, au ikaidaka iris ya kahawia badala yake. Katika GIMP, zungushia mboni peke yake, kisha fungua Filters > Enhance > Red Eye Removal na usogeze Threshold mpaka wekundu uishe.

Paji la uso ni habari nyingine. Upepo mkavu wa kiangazi huku Dodoma huwafanya watu wajipake mafuta, nayo hurudisha flashi kama kioo. Katikati ya weupe kila kipimo kimegota 255, na ngozi haikurekodiwa kabisa. Anayesema “punguza mwanga tu” ajaribu kutoa 60: atapata 195 tatu, yaani doa la kijivu. Hata Heal hukwama ukiitumia ndani ya weupe, kwa kuwa hujilinganisha na kingo zake, nazo ni nyeupe. Nakili tabaka la picha, chukua ngozi ya jirani kwa Clone, halafu punguza Opacity ya tabaka hilo hadi mng'ao kidogo ubaki. Paji lisilong'aa hata chembe huonekana limebandikwa.

Mboni nyeupe ya mtoto, hasa ikiwa ya jicho moja, usiifute. Huenda ni pembe ya kamera tu, lakini huenda pia ni mtoto wa jicho au saratani ya retina, ambayo huwapata zaidi walio chini ya miaka 5. Itunze picha hiyo kama ilivyo, na umpeleke mtoto upesi kwa daktari wa macho.