Upungufu wa damu kambini: lini sampuli inatosha kutoa uamuzi?

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianza mwaka 1996 kwa kupokea Wakongomani waliokimbia vita, na mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu. Katika kambi za wakimbizi kama hii, upungufu wa damu kwa watoto wa chini ya miaka mitano hupimwa kwa tone la damu ya kidoleni. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, watoto wenye upungufu huo wakifika asilimia 40, tatizo huhesabiwa kuwa kubwa kwa jamii nzima.

Kwa kuwa si rahisi kupima watoto wote, huchukuliwa sampuli. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, si matokeo ya Nyarugusu: watoto 400 wamepimwa, na 180 kati yao, yaani asilimia 45, wana upungufu. Je, kambi nzima imevuka 40, au ni bahati tu ya waliochaguliwa?

Kabla ya kupima, mtafiti huandika nadharia tete mbili. Ya sifuri inasema kiwango cha kambi hakizidi asilimia 40. Mbadala inasema kinazidi. Kisha huamua atavumilia hatari kiasi gani ya kukosea, kwa kawaida asilimia 5.

Ndipo hesabu inapofuata. Kosa sanifu, yaani kiasi ambacho sampuli huyumba kwa bahati, ni √(0.4 × 0.6 ÷ 400), karibu asilimia 2.45. Tofauti ya 5 ikigawanywa kwa 2.45 inatoa 2.04. Kama kiwango halisi kingekuwa 40, tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ingetokea kwa nadra, karibu mara 2 katika sampuli 100. Hiyo ni chini ya 5, hivyo nadharia ya sifuri inakataliwa.

Uamuzi huo unaweza kukosea kwa njia mbili. Kosa la aina ya kwanza ni kutangaza kwamba mpaka umevukwa ilhali haujavukwa, na dawa na fedha zikahamishwa kutoka kwenye mahitaji mengine. Kosa la aina ya pili ni kushindwa kuona tatizo lililopo, na watoto wakabaki bila tiba. Sampuli ikiwa ndogo, kosa hili la pili hukua: kama kiwango halisi ni 45 na wamepimwa watoto 100 tu, karibu mara 7 kati ya 10 tatizo halitagunduliwa.

Kuna mtego mwingine. Watoto wa kijiji kimoja cha kambi hushiriki mgawo uleule wa chakula na mbu walewale, hivyo hufanana. Kufanana huko kukifanya mraba wa kosa sanifu uwe mara mbili, kosa lenyewe hufika 3.46 na jibu la 2.04 hushuka hadi 1.44. Tofauti kama hiyo ingetokea kwa bahati zaidi ya mara 5 katika sampuli 100, hivyo sasa nadharia ya sifuri haikataliki, ingawa asilimia 45 ni ileile.

Kutokataliwa huko hakuthibitishi kwamba kambi ni salama. Msomaji wa ripoti ya lishe aulize kwanza watoto walichaguliwaje, na kama hesabu ilizingatia makundi yao.