Kazi Inaposhuka kwa Sababu Nyumbani Kuna Mgonjwa

Duka la dawa la Morogoro limeagiza katoni 6 za amoksilini. Ankara inatoka na katoni 60, stoo inapakia kama ilivyoandikwa, na kesho yake lori linafika na mzigo ambao hakuna aliyeuomba. Ni kosa la tatu la aina hiyo ndani ya wiki mbili. Yote matatu yametoka mezani kwa karani mmoja, mtu ambaye kwa miaka sita kazi yake haikuwa na doa.

Mfano huu ni wa kutunga, lakini aliyewahi kusimamia kitengo kidogo ataujua. Tuseme ni kitengo cha ankara katika kampuni inayosambaza dawa kutoka Dar es Salaam. Makarani ni watano, kila mmoja huandika oda 40 kwa siku. Sasa mmoja ameshuka hadi 24, na zile 16 zinazobaki zinaokotwa na wenzake wanne bila mtu kuwagawia. Wawili wameanza kusema kwamba kaka huyu anabebwa.

Msimamizi wao ni dada mwenye huruma, na hapo ndipo hatari ilipo. Amesikia tetesi kwamba karani ana mgonjwa nyumbani, akaona si vizuri kumuuliza. Kwa hiyo anavumilia. Uvumilivu wa namna hii hauna kipimo wala mwisho. Karani hajui kama amesamehewa au anaandikiwa barua. Wenzake hawajui mzigo wa ziada utaisha lini. Siku uvumilivu utakapokwisha, utakwisha kwa hasira, na karani atafokewa kwa makosa ya miezi miwili ambayo hakuna aliyemwambia.

Kabla ya kumwita, msimamizi anafungua kumbukumbu za wiki nane na kutazama makosa yametokea siku gani na saa ngapi. Jumatatu ni safi, Jumatano na Ijumaa pia karibu zote ni safi. Makosa yamerundikana Jumanne na Alhamisi baada ya saa saba mchana, muda ambao oda za mikoani huandikwa haraka ili ziwahi lori la jioni. Hilo linamweleza jambo kubwa. Mtu asiyeijua kazi, au aliyeichoka, hukosea siku yoyote. Huyu kuna kitu kinamkuta siku mbili maalumu kabla hajafika ofisini.

Anamwita faragha asubuhi ya Jumatatu, si mchana wa Alhamisi akiwa hoi. Anaanza na kazi, kwa sababu kazi ndiyo anayo haki ya kuiulizia.

“Kaka, nimepitia ankara zako. Siku nyingine zote ziko sawa, ila Jumanne na Alhamisi mchana kuna shida. Hukuwa hivyo. Ninaweza kukusaidiaje?”

Kisha ananyamaza. Wasimamizi wengi huharibu hapa kwa kujaza kimya kwa maneno ya kufariji, na mtu hukosa nafasi ya kusema.

“Dada, ni wifi yako,” anajibu hatimaye. “Figo zimekataa.”

Mkewe anasafishwa damu kwa mashine, na kwa kawaida tiba hiyo hufanyika mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Yeye amepangiwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alfajiri. Akitoka mashineni huwa amechoka mno kupanda daladala peke yake, hivyo mume humrudisha Mbagala, humlaza, ndipo akimbilie kazini. Anaketi kwenye kompyuta saa saba akiwa macho tangu saa tisa usiku.

Likizo haitoshi hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo akifiwa na mwenzi, mzazi au ndugu wa tumbo moja, au mtoto wake akiugua au kufariki. Mwenzi akiugua, siku hizo hazimhusu. Likizo ya ugonjwa ni ya mfanyakazi anayeugua mwenyewe. Zinabaki siku 28 za likizo ya mwaka, nazo kwa siku mbili kila wiki haziwezi kuuvuka mwaka. Likizo bila malipo nayo inamkata mshahara wakati ule ule gharama za tiba zinapopanda.

Kwa hiyo msimamizi anakwenda kwenye kazi yenyewe. Kumpunguzia karani nusu ya kila kitu kungemwacha na oda za mikoani mchana wa Jumanne, pale pale anapoanguka. Anamwondolea oda hizo siku mbili hizo, na badala yake anampa kuoanisha ankara za wauzaji, kazi inayoweza kusubiri hadi kesho na kukaguliwa kabla haijaleta hasara. Idadi inabaki 24, lakini sasa ni 24 zilizokubaliwa.

Oda 16 zilizobaki ni 4 kwa kila mwenzake. Kwa dakika sita kila oda, ni dakika 24 kwa siku, saa mbili kwa wiki. Likitamkwa hivyo, jambo lililokuwa manung’uniko linakuwa hesabu inayoweza kufanyiwa kazi. Msimamizi anafuta taarifa ya wiki iliyokuwa ikimla kila karani saa nzima, taarifa ambayo makao makuu huipata tayari kwenye mfumo. Saa moja inayobaki analipia kama saa za ziada, ambazo kisheria hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Wenzake wana watoto wa kuwahi shuleni na wagonjwa wao pia. Kuwaomba wabebe bure kwa jina la utu ni kuwatoza wao huruma ya kampuni.

Kuhusu kuwaeleza, anamuuliza mhusika kwanza. Karani hataki figo zitajwe. Kitengo kinaambiwa yanayokihusu tu: mgawanyo umebadilika kwa wiki sita, saa za ziada zitalipwa, na tarehe ya kupitia upya ni hii. Minong’ono haiishi siku moja, lakini neno “anabebwa” linakosa pa kushika.

Makubaliano yanaandikwa ukurasa mmoja: oda 24, makosa yasiyozidi mawili kwa wiki, mazungumzo ya robo saa kila Ijumaa. Karatasi hiyo inawalinda wote wawili. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri achunguze sababu ya utendaji duni, atoe mwongozo na muda wa kutosha wa kujirekebisha kabla ya kufikiria kumwachisha mtu. Akiruka hatua hizo, mfanyakazi ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Wiki sita zinapita. Makosa yameshuka hadi moja kwa wiki, oda 24 zinafikiwa. Lakini kusafishwa damu hakuna tarehe ya mwisho, isipokuwa mgonjwa apandikizwe figo, tiba iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2017 na ambayo humtaka kwanza apate ndugu wa kumchangia. Mpango wa muda hauwezi kuongezwa bila kikomo. Msimamizi analisema hilo waziwazi, na wanatafuta nafasi inayodumu. Stoo kuna zamu ya kupokea mizigo inayoanza saa tisa alasiri. Mshahara ni ule ule, ila kazi ni ya kusimama. Mkataba hauwezi kubadilishwa na upande mmoja, hivyo karani anapewa wiki nzima kufikiri na kuzungumza na mkewe. Anarudi Jumatatu na swali moja: Jumanne na Alhamisi anaweza kufika saa kumi? Msimamizi anachukua ratiba ya malori na kuanza kuipitia pamoja naye.