Hifadhidata Inapojikokota: Nani Anamngoja Nani?

Mtu aliyeanza zamu juzi akiambiwa hifadhidata inajikokota, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kuizima na kuiwasha. Wakati mwingine inasaidia, na ndiyo maana tabia hiyo haifi. Lakini PostgreSQL, hifadhidata ya bure inayobeba mifumo mingi ya maduka, shule na malipo, ikizimwa hupoteza vitu viwili kwa mpigo. Inapotea orodha ya nani alikuwa akifanya nini, ambayo mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa chanzo. Inapotea pia data iliyokuwa imeshapakiwa kwenye memori yake, hivyo ikiwaka inaanza kusoma diskini upya na kwa muda inaweza kuwa nzito kuliko mwanzo. Tatizo likirudi kesho saa ileile, hakuna atakayejua lilikuwa nini.

Njia ya wazoefu ni kuuliza kabla ya kugusa. Vikao vilivyomo ndani ya hifadhidata vinafanya kazi au vinangoja? Kama vinangoja, vinangoja prosesa, diski, au kikao kingine? Orodha ya ukaguzi ya kijana wa zamu si zaidi ya maswali hayo, yakiulizwa kwa mpangilio.

Ila kuna swali dogo linaloyatangulia: hapa niko kwenye seva ipi? Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alikuwa akihangaika usiku na hifadhidata iliyolemewa. Alikusudia kufuta folda ya data kwenye seva ya pili, akaifuta kwenye seva kuu. Alipostuka na kusimamisha amri, kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki 4.5 hivi. Kampuni ilipoteza data ya takriban saa sita, na yenyewe ikaeleza kisa chote hadharani. Kuandika `hostname` na kusoma jibu lake kunachukua sekunde mbili.

Prosesa ndiyo ya kwanza, kwa sababu ndiyo rahisi kusoma. Amri ya `nproc` inaonyesha seva ina prosesa ngapi, na `top` inaonyesha zinatumikaje. Wageni wengi hukimbilia namba ya `load average` na kuhukumu hapo hapo: ikisoma 40 kwenye seva ya prosesa 8, wanasema prosesa zimezidiwa. Si lazima. Linux huhesabu humo hata kazi zilizokwama zikingoja diski. Namba za kuangalia ni zile zilizo kwenye mstari wa prosesa: `us` ni muda unaotumika kufanya kazi hasa, na `wa` ni muda ambao prosesa imekaa bure huku kuna kazi inayongoja diski. `us` ikiwa 90 na kuendelea, kuna kwiri inayokula prosesa, na mara nyingi ni ile iliyobadilika karibuni: toleo jipya la programu limeingia asubuhi, faharasa imefutwa, au data nyingi imemiminwa ndani na takwimu ambazo hifadhidata hupangia njia zake zimepitwa na wakati.

Hapo kijana wa zamu atatamani kuichambua kwiri hiyo kwa `EXPLAIN ANALYZE`. Asubiri. Amri hiyo huitekeleza kwiri yenyewe kweli kweli, na kama ni ya kufuta au kubadilisha, itafuta na kubadilisha. `EXPLAIN` peke yake huonyesha mpango tu.

`wa` ikiwa juu, macho yahamie kwenye diski. Kwanza `df -h`, kuona kama imejaa. Diski ikijaa, tatizo si uzito tena, kwa maana PostgreSQL inaweza kusimama kabisa. Folda inayoitwa `pg_wal` huonekana kama mahali pazuri pa kupunguza mzigo, nayo ndiyo isiyofutwa kwa mkono hata siku moja: humo ndimo yalimo mabadiliko ambayo hifadhidata inayahitaji ili ijirekebishe baada ya kuanguka. Kisha `iostat -x 1`. Ripoti yake ya kwanza ni wastani wa tangu seva iwashwe, kwa hiyo irukwe. Zinazofuata zitazamwe kwenye safu za `r_await` na `w_await`, yaani milisekunde ambazo kila ombi la kusoma au kuandika linachukua hadi kukamilika. Muhimu ni kulinganisha na siku ya kawaida: diski iliyozoea milisekunde moja ikianza kusoma 30, jibu limepatikana.

Diski za kukodi mtandaoni zina mtego wao. Aina ya gp2 ya Amazon, kwa mfano, huruhusiwa maombi 3 kwa sekunde kwa kila gigabaiti. Diski ya gigabaiti 100 ina haki ya maombi 300 kwa sekunde, lakini inaweza kupanda hadi 3,000 kwa kutumia akiba ya maombi milioni 5.4. Ikikimbia kwa kasi hiyo ya juu, akiba inapungua kwa 2,700 kila sekunde na inaisha baada ya sekunde 2,000, kama dakika 33. Mfumo unakwenda vizuri nusu saa nzima, kisha unadondoka ghafla ingawa hakuna aliyebadilisha kitu. Mtu asiyejua hesabu hii anaweza kupekua msimbo hadi alfajiri.

Hadi hapo mambo yanaonekana. Kisa kinachowachanganya zaidi wanaoanza ni kile ambacho prosesa zimelala, diski imelala, na bado wateja wanalalamika. Hapo wengine huhitimisha kwamba hifadhidata ni nzima na lawama ni za mtandao. Tuchukue mfano wa duka linalopokea oda kwa simu. Saa nne na robo asubuhi oda zinakwama. Seva ina prosesa 8, `us` ni 6, `wa` ni 1, diski inajibu chini ya milisekunde moja. Kijana anaingia kwenye hifadhidata na kuhesabu vikao:

```sql
SELECT state, wait_event_type, count(*)
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_type = 'client backend'
GROUP BY 1, 2 ORDER BY 3 DESC;
```

Jibu linakuja: vikao 88 ni `active` na vinangoja `Lock`, vitano ni `idle`, kimoja ni `idle in transaction`, na kimoja ni `active` kisichongoja chochote, ambacho ni chake mwenyewe. Jumla 95. PostgreSQL isipobadilishwa huruhusu miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo huwekewa msimamizi mkuu ili aweze kuingia hata nyumba ikijaa. Faida hiyo hupotea pale programu yenyewe inapoingia kwa jina la msimamizi, jambo linalotokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Vikao 95 kati ya 100 vinashawishi kuongeza kikomo. Lakini kubadilisha `max_connections` kunahitaji kuzima na kuwasha, na kikomo kikipanda hadi 300 watakaopatikana ni wangojeaji wengi zaidi. Kilichojaza miunganisho kinasomeka kwenye jibu lenyewe. Kama vikao 88 vingekuwa `idle`, ingekuwa dalili kwamba programu inafungua miunganisho bila kuirudisha. Hapa viko `Lock`: kila kimoja kinangoja kufuli lililoshikwa na mwingine. Basi amtafute huyo mwingine.

```sql
SELECT pid, state, now() - xact_start AS umri,
       pg_blocking_pids(pid) AS kizuizi,
       left(query, 40) AS kwiri
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_type = 'client backend'
ORDER BY xact_start;
```

Orodha inaanza na muamala wenye umri mkubwa. Juu kabisa kipo kikao 4120, `idle in transaction`, umri dakika 47, safu ya kizuizi tupu. Kwiri yake ya mwisho ni `SELECT` ya kawaida kwenye jedwali la oda. Cha pili ni 5377, dakika 6, kizuizi chake ni 4120, na kinajaribu `ALTER TABLE` ili kuongeza safu kwenye jedwali hilohilo. Vingine vyote 87 vinasema kizuizi ni 5377.

Mtu alifungua muamala, akasoma oda, akaenda kwenye kikao cha asubuhi bila kuufunga. Kusoma hushika kufuli jepesi, na oda ziliendelea kuingia bila shida kwa zaidi ya dakika 40. Kisha ikaja `ALTER TABLE`, inayotaka jedwali zima peke yake. Ni kama ukumbi ambao watu huingia na kutoka watakavyo, hadi afike anayetaka kuukodi wote: anangoja mlangoni atoke wa mwisho, na waliofika nyuma yake hawapiti, hata kama ndani kuna nafasi. Ndiyo maana kusoma kwa wateja, ambako hakugombani kabisa na kusoma kwa 4120, kumekwama.

Nani aondolewe? Wengi wangemkata 4120 kwa hasira, na hapa wangepata wanachotaka, ila hawajui bado kama ana kazi ambayo haijahifadhiwa. Safu ya `backend_xid` inasaidia: ikiwa tupu, muamala huo haujaandika kitu. Chaguo salama zaidi ni kusitisha `ALTER TABLE`, ambayo inaweza kurudiwa jioni bila mteja kujua.

```sql
SELECT pg_cancel_backend(5377);
```

Foleni ya vikao 87 inafunguka papo hapo. Kikao 4120 bado kipo, na kukisitisha kwa amri hiyohiyo hakutafanya kitu, kwani hakuna kwiri inayotembea ya kusitishwa. Hicho huondolewa kwa `pg_terminate_backend`, baada ya kutazama `application_name` na `client_addr` na kumpigia simu mwenyewe. Lisilofaa kabisa ni kutoka nje na kuua mchakato kwa `kill -9`. PostgreSQL ikiona mchakato wake mmoja umekufa namna hiyo, hukata vikao vyote na kuanza kujirekebisha kama iliyoanguka, na oda zote hukatika pamoja na hicho kimoja.

Kwenye daftari la zamu, kijana anaandika saa, majibu ya kwiri zote mbili kama yalivyotoka, na namba ya kikao alichositisha. Kisha anaacha maombi mawili kwa wakubwa wake. La kwanza, kila anayetaka kubadilisha jedwali mchana atangulize `SET lock_timeout = '2s'`, ili akikosa kufuli kwa sekunde mbili amri ijitoe yenyewe kwenye foleni. La pili, waweke thamani kwenye `idle_in_transaction_session_timeout`. Kikawaida ni sifuri, maana yake muamala uliosahauliwa unaweza kukaa wazi hadi wiki ijayo. Inaweza kuanza na dakika tano, kisha ikarefushwa kwa zile programu chache zinazohitaji kuacha muamala wazi bila kazi kwa muda zaidi.