Daftari la Mapokezi kwa Fundi Simu

Kila simu inayoachwa kwa fundi huandikiwa mstari wake daftarini: tarehe, jina la mteja na namba atakayopatikana, aina ya simu, tatizo, vitu vilivyoachwa pamoja nayo na namba ya tiketi. Mstari huo huandikwa mteja akiwa bado amesimama kaunta, kabla simu haijafunguliwa.

Aina na rangi havitoshi kuitambulisha simu, kwa sababu Galaxy A12 nyeusi zinaweza kuwa tatu ndani ya droo moja. Kinachozitofautisha ni IMEI, namba ya tarakimu 15 inayotokea kwenye kioo ukibonyeza `*#06#`. Simu iliyozima kabisa haiwezi kuionyesha, hivyo mteja huombwa boksi la simu, ambalo huwa na namba hiyo. Ikikosekana kote, huandikwa "haijasomeka", na nafasi haiachwi wazi.

Ugomvi mwingi huzaliwa kwenye safu ya tatizo, na ni vyema igawanywe mara mbili: anachosema mteja na anachokiona fundi. Tuseme A12 imeletwa kwa sababu haiingizi chaji. Upande wa mteja huandikwa hivyo hivyo alivyosema. Upande wa fundi huandikwa: inawaka, chaji asilimia 14, kioo kina ufa kona ya juu kulia, tachi nzima, kamera ya mbele haifunguki, tundu la chaji lina kutu ya kijani. Kutu hiyo ni dalili ya unyevu. Huenda umeshafika hadi kwenye bodi, na kubadilisha tundu peke yake kusisaidie kitu. Mteja anastahili kuambiwa hivyo palepale, kabla ya kukubaliana bei. Na kamera je? Isipoandikwa, siku ya kuchukua simu itaonekana imeharibiwa na fundi, naye hatakuwa na pa kushika.

Laini na memori kadi ni bora zitolewe na mteja aondoke nazo, kwani laini hubeba pesa zake na kadi hubeba picha zake. Tatizo likiwa la mtandao, laini inaweza kuhitajika kwa majaribio. Basi huandikwa ni ya mtandao gani. Kava na chaja nazo huandikwa, na kama hakuna kilichoachwa, huandikwa "hakuna".

Tiketi hukatwa mbele ya mteja. Namba yake huandikwa pia kwenye selotepu ya karatasi inayobandikwa mgongoni mwa simu yenyewe, si kwenye kava, maana kava huvuliwa na kuchanganyika na nyingine. Siku ya kuchukua, namba ya tiketi, ya selotepu na ya daftari hulinganishwa. Aliyepoteza tiketi hutaja namba aliyoiandikisha, hufungua simu kwa nywila yake mwenyewe kama inawaka, kisha IMEI husomwa upya. Zikilingana, mteja huijaribu simu na kusaini kwenye mstari uleule, pamoja na tarehe.