Soma Bili ya Hoteli Kabla ya Kulipa

Wajumbe wanne wa kikundi cha wafugaji walikwenda Nakuru kwa mkutano wa maziwa. Saa ya chakula waliingia katika hoteli moja mjini. Fedha za chakula zilikuwa za kikundi, na mweka hazina alitakiwa kurudi na risiti ili wanachama waione.

Bili ilipoletwa iliandikwa hivi:

Wali na nyama, 4 kwa sh. 650: sh. 2,600
Chai, 4 kwa sh. 120: sh. 480
Maji, 4 kwa sh. 115: sh. 460
Jumla ya vyakula: sh. 3,540
Huduma, asilimia 10: sh. 300
VAT, asilimia 16: sh. 480
Ushuru wa hoteli, asilimia 2: sh. 60
Jumla ya kulipa: sh. 4,380

Mweka hazina alijumlisha mistari yote. Akapata sh. 4,380. Hesabu ya kujumlisha ilikuwa sawa, lakini bili ilikuwa na kosa. Tuone kosa hilo lilikuwa wapi.

Kwanza, tujue maana ya nyongeza hizi tatu. VAT ni Kodi ya Ongezeko la Thamani. Hapa Kenya ni asilimia 16, nayo huenda Serikalini. Ushuru wa hoteli ni asilimia 2. Nao hukusanywa kwa ajili ya utalii. Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1975, kiliendeshwa kwa fedha za ushuru huu. Malipo ya huduma si kodi. Hayo huwekwa na hoteli yenyewe kwa ajili ya wafanyakazi, mahali pa bahashishi. Ukiyaona kwenye bili, hulazimiki kutoa bahashishi nyingine.

Pili, soma maneno madogo yaliyo chini ya orodha ya vyakula. Orodha ya hoteli hiyo ilisema kwamba bei zote zina kodi na ushuru ndani yake, na kwamba huduma itaongezwa. Maana yake ni kwamba zile sh. 650 za wali zilikuwa na kodi tayari. Mistari ya VAT na ushuru iliwekwa kwenye bili ili kuonyesha tu kiasi kilichomo ndani ya sh. 3,540. Karani aliijumlisha tena. Kwa hiyo wajumbe walitozwa kodi mara mbili.

Tatu, hakikisha hesabu ya kodi. Chukua sh. 3,540 uondoe sh. 480 za VAT na sh. 60 za ushuru. Zinabaki sh. 3,000. Hiyo ndiyo bei ya chakula bila kodi. Sasa gawa 3,000 kwa 100. Unapata 30, yaani asilimia moja. Zidisha 30 kwa 16, unapata 480. Zidisha 30 kwa 2, unapata 60. Zidisha 30 kwa 10, unapata 300 za huduma. Kila mstari ni sahihi.

Usitafute asilimia 16 ya sh. 3,540. Utapata sh. 566 na senti 40, nawe utadhani hoteli imekosea. Kodi huhesabiwa juu ya bei isiyo na kodi, si juu ya bei ambayo kodi imo ndani yake. Ukiona tofauti ya senti chache tu, hilo si kosa. Mashine hukamilisha senti.

Basi wajumbe walipaswa kulipa sh. 3,540 za vyakula na sh. 300 za huduma, jumla sh. 3,840. Bili ilizidi kwa sh. 540. Mweka hazina hakugombana. Alimwita mhudumu, akamwonyesha maneno ya chini ya orodha, kisha akaonyesha mistari miwili iliyojumlishwa tena. Karani aliandika bili mpya.

Lakini hoteli nyingine huandika kwamba bei hazina kodi. Hapo wali, chai na maji vikifika sh. 3,000, ni haki kuongeza huduma, VAT na ushuru, na jumla itakuwa sh. 3,840. Ndiyo sababu ni lazima kusoma orodha kabla ya kuagiza. Kama haisemi lolote, muulize mhudumu: "Bei hizi zina kodi ndani?"

Jambo la mwisho ni risiti. Mfanyabiashara ambaye hakuandikishwa kwa VAT haruhusiwi kuitoza. Ukitozwa VAT, tazama kama risiti ina namba ya PIN ya mwenye hoteli. Kama haina, omba risiti ya kodi kabla ya kuondoka, maana kwenye mkutano wa kikundi wanachama watataka kuona fedha zao zilikwenda wapi.