Kutunza mzazi aliyepoteza kumbukumbu: pesa ya ndugu haitoshi, usiku nao ugawanywe

Katika familia nyingi za mashariki mwa Kongo, mzazi akipatwa na demansi, ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na akili polepole, mzigo huangukia mtu mmoja. Mara nyingi ni binti anayeishi naye. Ndugu wengine hutuma pesa kwa simu. Lakini kinachomwangusha mtunzaji kwanza ni usiku, na usiku hautumwi kwa simu.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba wanaowatunza wagonjwa hawa hutumia wastani wa saa 5 kila siku kwa kazi hiyo, na kwamba wanawake hubeba asilimia 70 ya saa hizo.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Butembo, mkoani Kivu Kaskazini. Mama ana miaka 76. Binti yake mkubwa anauza unga sokoni. Wadogo zake watatu, walio Goma, Kinshasa na Kampala, wanatuma dola 90 kwa mwezi. Binti analala saa 4 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, yaani saa 7. Lakini mama anaamka mara tatu: anatafuta choo, anafungua mlango, anasema anarudi kijijini kwao. Kila mara, kumtuliza na kupata usingizi tena kunachukua saa moja. Zinabaki saa 4. Kwa juma moja, binti amepoteza saa 21 za usingizi, na asubuhi soko linamngoja. Akilalamika, wadogo zake humjibu: « Vumilia, yaya. »

Uchovu wa kawaida huisha ukilala vizuri siku mbili au tatu. Dalili za hatari ni zile zisizoondoka. Mtunzaji anakosa usingizi hata mama akilala kimya. Anaacha kwenda kanisani, au anasahau dawa zake mwenyewe za presha. Anapiga kelele kwa swali lile lile lililorudiwa, kisha analia kwa aibu. Dalili nzito zaidi ni kumvuta mgonjwa kwa nguvu, kumfungia chumbani ili asitoke, au kutamani yeye au mgonjwa afe. Akifika hapo, asiachwe peke yake na mgonjwa: ndugu au jirani aingie siku hiyo hiyo, na mtunzaji apelekwe kwa muuguzi au daktari.

Wauguzi wengine duniani hupima mzigo huu kwa fomu ya Zarit, yenye maswali 22. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 4. Jumla ikipanda, mtunzaji ameelemewa. Fomu hiyo inamuuliza mtunzaji, haimuulizi mgonjwa. Katika ziara nyingi hospitalini, hakuna anayemuuliza binti analala saa ngapi.

Msaada unaodumu ni ule wenye siku na jina. « Tutakusaidia » haimpi mtu usingizi. Katika mfano wetu, familia inaweza kukubaliana kwamba mke wa kaka, anayeishi mtaa jirani, analala kwa mama kila Jumanne. Katika zile dola 90, wanatoa 40 kumlipa mwanamke wa mtaani anayemjua mama, dola 5 kwa usiku, usiku 8 kwa mwezi. Hivyo kila juma binti anapata karibu siku 3 za kulala, katika chumba kingine au nyumba nyingine. Akibaki kando ya mama, ataamka tu.

Mchana nao husaidia. Mama akae nje kwenye mwanga asubuhi, asisinzie mchana kutwa, asinywe chai wala kahawa jioni, aende choo kabla ya kulala. Taa ndogo ibaki njiani. Dawa za usingizi za kununua bila daktari ni hatari: zinaweza kumchanganya zaidi na kumwangusha.

Lakini akili ikivurugika ghafla, kwa saa au siku chache, usidhani ni demansi imeongezeka. Malaria, maambukizi ya mkojo au kukosa maji mwilini huweza kufanya hivyo. Mpeleke hospitalini haraka.

Kuna pia mambo yanayovunja zamu. Jirani akiamini mama ni mchawi, hatakuja kulala hapo. Ni vema muuguzi awaeleze majirani kwamba ni ugonjwa wa ubongo. Tena, demansi huendelea: anayetembea usiku leo, kesho atahitaji kugeuzwa kitandani. Kwa hiyo ndugu wakutane kwa simu kila mwisho wa mwezi. Swali la kwanza lisiwe « Mama anaendeleaje? », bali « Yaya, juma hili umelala saa ngapi? » Zikibaki 4, zamu iongezwe usiku mmoja.