Kiatu cha Dansi Huanza na Sakafu

Ukumbi wa dansi ulio ndani ya Mnara wa Blackpool, mji wa pwani kaskazini-magharibi mwa Uingereza, una sakafu iliyoundwa kwa vipande 30,602 vya mbao za mahogani, mwaloni na mjozi. Mji huohuo umekuwa na tamasha la dansi tangu mwaka 1920, na wacheza walisi, fokstroti na rumba kutoka nchi nyingi huenda kushindana huko. Kiatu cha dansi ya ukumbini tunachokiona leo madukani kimekulia juu ya sakafu za namna hiyo: mbao zilizopigwa msasa, kavu, safi.

Sasa kilete kiatu hicho Nairobi au Dar es Salaam, usiku wa salsa. Hapa sakafu huwa ya marumaru zinazong'aa, au terazo, au saruji ya uani iliyomwagikiwa soda. Mtu aliyenunua viatu kwa kutazama picha hushangaa vinavyomtelezesha, au vinavyochakaa kabla mafunzo hayajakolea. Viatu havina kosa. Havikulinganishwa na mahali vinapochezewa, wala na mguu unaovivaa.

Soli ndiyo ya kuanza nayo. Viatu vingi vya dansi ya ukumbini vina soli ya swedi, yaani ngozi iliyokwanguliwa upande mmoja hadi ikatoa vinyuzi vifupi laini. Vinyuzi hivyo hushika sakafu kwa kiasi. Mchezaji akijisukuma ili aondoke, kiatu hakimponyoki. Akizunguka juu ya sehemu ya mbele ya wayo, kiatu kinazunguka naye. Ngozi ngumu iliyolainika huteleza kuliko swedi, na raba hung'ang'ania kuliko swedi.

Hiyo raba ndiyo inayoumiza watu wengi wanaoanza. Mchezaji aliyevaa viatu vya michezo anapogeuka, mwili unakwenda lakini kiatu kinabaki kimeganda palepale. Msokoto ule lazima uishie mahali fulani, na mara nyingi unaishia kwenye goti, kiungo kilichoumbwa zaidi kwa kukunja na kukunjua kuliko kwa kujisokota. Anayeamka na goti linalouma baada ya usiku wa mizunguko na achunguze kwanza soli zake kabla ya kulaumu umri.

Swedi ina tabia moja nzuri: mtumiaji anaweza kuirekebisha mwenyewe. Vumbi, nta ya sakafu na vinywaji vilivyomwagika huvilaza vinyuzi vyake, kisha soli inakuwa nyeusi na kung'aa. Ikifika hapo inateleza hata kwenye mbao. Dawa yake ni brashi ya waya, ile ndogo inayouzwa pamoja na viatu hivi au inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kiatu kinashikwa kwa mkono mmoja, soli ikitazama juu, na brashi inapitishwa kwa misukumo mifupi upande mmoja hadi rangi ya kijivu ya ngozi irudi na vinyuzi visimame. Kuisugua kwa nguvu kana kwamba unakwangua sufuria kunaimaliza ngozi yenyewe, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Kwenye marumaru kavu zinazong'aa, brashi hiyo ipitishwe kabla ya kila kipindi, kwa sababu kigae chenye vumbi jembamba hutelezesha kuliko mbao. Kwenye saruji mambo ni tofauti. Saruji huzinyoa nyuzi za swedi, na jioni chache tu zinatosha kuiacha soli na mabaka. Anayecheza zaidi uani atafaidika na viatu vyepesi vya mazoezi ambavyo soli yake imegawanyika katikati na ina duara laini la plastiki chini ya sehemu ya mbele, linalomwezesha kugeuka bila kuikwangua ngozi yoyote.

Maji ni adui mwingine. Swedi iliyolowa hushikana na kukauka ngumu. Ikitokea imelowa, viatu vijazwe magazeti, viachwe kivulini hadi vikauke vyenyewe, ndipo brashi ipite. Kumwaga poda sakafuni ili soli iteleze vizuri ni kosa kubwa zaidi, maana anayekuja nyuma yako hajui kuwa poda ipo.

Tukipanda juu ya soli tunakuta kisigino, na hapo aina ya dansi ina neno lake. Katika walisi, fokstroti na kwikstep mchezaji hutembea hatua ndefu, na nyingi za kwenda mbele hutua kwa kisigino. Viatu vya wanawake kwa dansi hizo huwa vimefungwa vidoleni, na kisigino chake kwa kawaida ni kati ya sentimita 5 na 6.5. Katika rumba na cha-cha-cha uzito hutangulia mbele ya wayo kabla kisigino hakijashuka, hivyo wanawake huvaa kandambili za wazi zenye mikanda na visigino vya sentimita 6.5 hadi 7.5. Wanaume nao hubadilisha: kama sentimita 2.5 kwa walisi, na karibu 4 kwa rumba. Wacheza salsa wamechukua kandambili hizohizo za rumba.

Namba za dukani, hata hivyo, hazisemi habari yote, kwa kuwa kisigino kilekile hakileti mteremko uleule kwa kila mguu. Tumchukue mwanamke anayejifunza salsa, mwenye mguu wa sentimita 22.5, yaani kiatu namba 36. Kutoka kisigino chake hadi sehemu pana ya wayo nyuma ya vidole ni takribani sentimita 16. Akivaa kisigino cha 7.5, wayo wake unainama karibu nyuzi 28. Mwenzake mwenye mguu wa sentimita 26, namba 41, akivaa kisigino hichohicho anainama karibu nyuzi 24 tu. Ili wa namba 36 apate mteremko sawa na wa mwenzake, anahitaji kisigino cha sentimita 6.5. Kwa hiyo mwalimu anayewaambia wanafunzi wote wanunue urefu mmoja anawapa mizigo tofauti bila kukusudia. Kadiri mteremko unavyoongezeka, ndivyo uzito unavyohamia mbele, kwenye mifupa iliyo nyuma ya vidole.

Kwa anayeanza, urefu wa sentimita 5 una busara. Kwa yule wa namba 36 ni mteremko wa nyuzi 18 hivi, na kifundo cha mguu hupata muda wa kujenga nguvu. Kipimo cha kupanda zaidi ni rahisi: asimame kwa mguu mmoja juu ya kisigino kipya na ahesabu polepole hadi kumi. Kifundo kikitetemeka au kiatu kikiyumba pembeni, urefu huo bado haujamfaa. Umbo nalo lina uzito wake, kwa kuwa kisigino kilichopanuka chini husamehe makosa ambayo kisigino chembamba hayasamehi.

Mwanamke wetu wa namba 36 anapokishika kiatu dukani, kuna jambo la kutafuta ambalo jicho halioni. Kati ya kisigino na sehemu ya mbele, ndani ya soli, pamefichwa kipande chembamba cha chuma. Ndicho kinachobeba tao la wayo, kama daraja kati ya nguzo mbili. Aweke kidole gumba kwenye ncha ya kiatu na kiganja kwenye kisigino, kisha asukume taratibu. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia, na penginepo kinabaki kigumu. Kikikunjika katikati, chini ya tao, chuma hakipo au ni dhaifu, na misuli ya wayo ndiyo itakayofanya kazi yake usiku kucha.

Jambo la pili ni mahali tao la kiatu linapokutana na tao la mguu. Akisimama amevaa, asihisi nafasi tupu chini ya upinde wa wayo. Mikanda ya kandambili nzuri hupita chini ya tao na kuivuta soli ipande hadi iguse ngozi. Kandambili ya dansi huvaliwa ikiwa imebana, vidole vikifika kwenye ukingo wa mbele, kwa sababu ngozi na satini hulegea baadaye. Kiatu kilicholegea huvilazimisha vidole kukunjamana ili vikishike, na huo ndio mkakamao wa wayo ambao wachezaji wengi huudhania ni uchovu.

Kujua aina ya tao lake hakuhitaji mashine. Alowanishe mguu, akanyage saruji kavu, atazame alama. Ikionyesha wayo mzima, tao lake liko chini na mguu huelekea kuanguka upande wa ndani. Anahitaji kiatu chenye chuma kigumu na kisigino kipana. Ikionyesha kisigino na sehemu ya mbele tu, zikiunganishwa na mstari mwembamba au bila kitu, tao liko juu. Huyo ndiye anayebaki na pengo ndani ya viatu vingi, na pedi nyembamba ya jeli au povu, ya milimita 3 hivi, ikibandikwa chini ya tao hulijaza. Pedi ya kusaidia mifupa ya mbele huwekwa nyuma yake kidogo, kamwe si chini yake, la sivyo inaongeza maumivu ilipokusudia kuyapunguza. Kandambili haina nafasi ya soli nene ya ndani. Anayehitaji msaada mkubwa zaidi atapata nafasi hiyo kwenye kiatu kilichofungwa. Na maumivu ya kisigino yanayouma zaidi kwa hatua za kwanza za asubuhi ni ya kumpelekea daktari, si muuza viatu.

Wengi hawana duka la viatu vya dansi karibu, ila fundi viatu hakosekani. Kiatu cha kawaida chenye soli nyembamba na mkanda imara kinaweza kubadilishwa: fundi anaikwaruza soli ya mbele ili gundi ishike, anakata swedi ya milimita 1.5 hadi 2, anapaka gundi pande zote mbili, anaiacha ikauke kidogo, kisha anabandika na kugongagonga. Vinyuzi vitazame nje. Kisigino kibaki na kofia yake ya plastiki. Viatu vyenye soli nene ya raba havifai, kwani swedi ikiwa juu yake bado havikunjiki pale vinapotakiwa.

Swedi ikiisha, fundi huyohuyo anaibandua na kuweka nyingine, na kiatu kinaendelea. Chuma cha ndani kikivunjika ni habari nyingine. Dalili zake ni mlio mdogo kila unapokanyaga, katikati ya kiatu panapobonyea, na kisigino kinachoanza kurudi nyuma au kuingia chini ya wayo. Kiatu kilichofika hapo hakina tena uwezo wa kubeba tao, na kinapaswa kutolewa ukumbini hata kama satini yake bado inang'aa.